Usisitishe kwanza: barua mbili za kusitisha mkataba, na siku 14 zilizo katikati yake

*Wakili, salamu kutoka Kisenyi, Kampala. Nina kinu cha kusaga mahindi. Tangu tarehe 1 Agosti 2025 nina mkataba wa mwaka mmoja na kampuni moja ya Masindi: tani 40 kila mwezi, malori manne ya tani 10 kwa tarehe zilizopangwa, unyevu usizidi asilimia 13.5, bei shilingi 1,100 kwa kilo, nami nilipe ndani ya siku 7. Oktoba malori matatu yalichelewa, nikapokea. Novemba walileta matatu tu. Desemba mawili, na moja lilipimwa unyevu wa asilimia 17. Nililipokea kwa shingo upande kwa sababu kinu kilikuwa kimesimama. Januari mawili tena, mahindi mazuri, lakini sijayalipa. Nimelalamika WhatsApp mpaka nimechoka. Kifungu cha 12 kinasema upande wowote waweza kusitisha mkataba kwa ukiukaji mkubwa usiporekebishwa ndani ya siku 14 tangu kupokewa kwa notisi ya maandishi. Nataka kuwaandikia leo kwamba mkataba umekwisha. Naweza?*

Leo hapana, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, haki ya kuufikisha mkataba huu mwisho unaweza kuipata ndani ya wiki mbili au tatu, lakini bado hujaishika mkononi. Kifungu chako cha 12 hakikupi mamlaka ya kusitisha kwa sababu tu wenzako wamekosea. Kinakupa mamlaka hayo pale mambo matatu yatakapokutana: wamekiuka kwa kiwango kikubwa, umewaandikia notisi, na siku 14 zimepita bila wao kurekebisha. La kwanza unalo. Mawili yaliyobaki bado.

Ukiandika leo kwamba mkataba umekwisha, utakuwa umeuvunja wewe. Sheria itakutazama kama mtu aliyekataa kutimiza mkataba ambao bado uko hai, na kampuni ya Masindi, ambayo leo ndiyo yenye makosa, itakuja kukudai fidia ya miezi iliyobaki hadi Julai. Hili hutokea mara nyingi mno katika biashara zetu. Mwenye haki anashikwa na hasira, anaruka hatua moja, na kesi nzima inageuka: badala ya kuzungumzia malori yasiyofika, mahakama inazungumzia barua yake.

Kwa hiyo barua ni mbili. Ya kwanza inataja makosa na kutoa nafasi ya kurekebisha. Ya pili, ikiwa hawakurekebisha, ndiyo inayositisha. Lakini kabla ya kuandika ya kwanza kuna mambo mawili ya kuweka sawa upande wako.

La kwanza ni deni. Malori mawili ya Januari ni kilo 20,000, na kwa shilingi 1,100 ni shilingi milioni 22. Mahindi yalikuwa mazuri, uliyapokea, siku 7 zimepita. Naelewa kwa nini umezuia fedha: ndiyo kamba pekee unayoona unaweza kuwavuta nayo. Ila hujaniambia kama mkataba wako una kifungu kinachokuruhusu kuzuia malipo au kukata hasara yako kwenye ankara yao. Kama hakimo, deni hilo ni hatari kwako kuliko kwao. Wakipokea notisi yako watajibu siku hiyo hiyo kwamba wameshindwa kununua mahindi kwa wakulima kwa sababu hukuwalipa. Na kifungu cha 12 ni cha upande wowote. Nao wanaweza kukuandikia notisi yao ya siku 14, wakaanza kuhesabu.

Wakili wako anaweza kujenga hoja kwamba hasara uliyopata inakatwa kwenye deni hilo. Hoja hiyo ipo katika sheria. Mimi nisingeutegemeza usitishaji mzima juu yake. Lipa milioni 22 kwa benki, si kwa mkono, kisha andika mistari miwili kwamba umelipa malori ya Januari na kwamba malipo hayo hayafuti madai yako juu ya miezi iliyotangulia. Ukishafanya hivyo, wamebaki na makosa yao peke yao.

La pili ni uvumilivu wako. Oktoba ulipokea malori yaliyochelewa bila barua. Desemba ulipokea mahindi mabichi. Watasema ulikwisha kukubali kwamba tarehe si kitu na unyevu si kitu. Kuna hukumu ya Uingereza ya mwaka 1950, Charles Rickards dhidi ya Oppenhaim, na mahakama zetu huzitazama hukumu za namna hiyo kwa kuwa kanuni za sheria ya mikataba tumezirithi huko. Mteja aliagiza gari la Rolls-Royce lijengewe bodi. Muda ulipita, naye akaendelea kubembeleza na kusubiri. Mwishowe, mwezi Juni 1948, aliandika kwamba lisipokuwa tayari ifikapo tarehe 25 Julai hatalipokea tena. Lilimalizika Oktoba, akalikataa. Mahakama ilisema kusubiri kwake kulikuwa kumeiondoa nguvu tarehe ya awali, lakini aliweza kuirudisha nguvu hiyo kwa kutoa notisi yenye muda wa kutosha. Akashinda.

Hiyo ndiyo hali yako. Uvumilivu wa Oktoba haukufungi milele; unakulazimu tu useme waziwazi kwamba umekwisha. Barua yako lazima iwe na sentensi inayosema kwamba kuanzia sasa kila tarehe na kila kipimo cha unyevu kitafuatwa kama kilivyoandikwa, na kwamba uliyoyapokea nyuma hayakuwa mabadiliko ya mkataba.

Sasa, je, ukiukaji wao ni mkubwa? Mikataba mingi hutaja maneno hayo bila kuyafafanua. Angalia kwanza kifungu cha tafsiri mwanzoni mwa wako. Kama kimefafanua, ufafanuzi huo ndio utakaotawala. Kama hakuna, mahakama itapima uzito: umekosa kiasi gani cha ulichoahidiwa, limetokea mara ngapi, na kuna dalili gani kwamba litaendelea.

Kwa bidhaa zinazoletwa kwa mafungu kama mahindi yako, kipimo kizuri kilitolewa huko Uingereza katika kesi ya Maple Flock dhidi ya Universal Furniture. Muuzaji alikuwa na mkataba wa tani 100 za pamba ya kujazia fanicha, akileta kidogo kidogo. Fungu moja la tani moja na nusu likawa chafu kupita kiwango. Mnunuzi akataka kuufunga mkataba wote. Mahakama ilikataa, ikauliza mambo mawili: kosa hilo ni sehemu gani ya mkataba mzima, na uwezekano wa kurudiwa ni kiasi gani. Sehemu ilikuwa ndogo, na hapakuwa na sababu ya kutazamia lirudie.

Weka hesabu yako kwenye mizani hiyo. Novemba, Desemba na Januari ulitakiwa kupata tani 120. Ulipata 70. Pengo ni tani 50, zaidi ya asilimia 40, na limejirudia miezi mitatu mfululizo. Hapo husimami kwenye tope. Lakini ungekuja kwangu na lori moja la Desemba lenye unyevu tu, ningekuambia uwadai fidia na mkataba uendelee. Kwa sababu hiyo, katika barua weka pengo la tani mbele kama kosa kuu, na unyevu ufuate kama kosa la ziada. Malori ya Oktoba yataje kwa sentensi moja kama historia, usiyafanye msingi, maana yalifika yote na ukayapokea.

Kuhusu lile lori la unyevu wa asilimia 17, usilidharau kwenye hesabu ya fidia. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni asilimia 13.5 hiyo hiyo iliyo kwenye mkataba wako. Ukikausha tani 10 kutoka asilimia 17 hadi 13.5 unabaki na kama kilo 9,595. Kilo 405 hivi zilikuwa maji, na uliyalipia takriban shilingi 445,000, bado hujagusa gharama ya kuanika na hatari ya kuvu. Kulipokea kumekuondolea haki ya kulikataa. Haki ya kudai hasara hiyo bado ipo. Tafuta karatasi ya kipimo cha siku ile. Kama kipimo kilisomwa tu na fundi wako na hakuna aliyekiandika, mwambie aandike sasa anachokumbuka, kwa tarehe ya leo, bila kujifanya kiliandikwa Desemba.

Tuje kwenye neno kurekebisha, kwa maana hapa ndipo notisi nyingi hufia. Lori lililopaswa kufika Novemba haliwezi tena kufika Novemba. Je, kosa hilo halirekebishiki? Mahakama hazilisomi neno hilo kwa ukali huo. Kurekebisha ni kuweka mambo sawa kuanzia sasa: kuleta tani zilizopungua na kurudi kwenye ratiba. Kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kuwaambia marekebisho ni yapi, kwa namna ambayo mtu asiyejua mahindi angeweza kusimama getini kwako siku ya 14 na kusema wametimiza au hawakutimiza. “Rekebisheni mwenendo wenu” haipimiki. “Leteni tani 50” inapimika.

Tena usidai zaidi ya mkataba. Nimeona notisi ambazo ndani yake mtu anachomeka ombi la kushushiwa bei, au anataka dhamana ya benki ambayo mkataba haukuitaja. Hayo yanaweza kujadiliwa mezani, si ndani ya notisi. Ukidai kisichokuwa haki yako, umewapa sababu ya kusema walishindwa kurekebisha kwa kuwa ulichotaka hakikuwa deni lao.

Hii hapa namna ningeiandika. Kama mkataba wenu ni wa Kiingereza, wakili wako aiweke kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya kumbukumbu za mahakama na maneno ya kifungu cha 12 yanapaswa kurudiwa kama yalivyo. Maana yake iwe hii:

*Kwa Mkurugenzi Mtendaji. NOTISI YA UKIUKAJI MKUBWA CHINI YA KIFUNGU CHA 12 CHA MKATABA WA UGAVI WA MAHINDI WA TAREHE 1 AGOSTI 2025.*

*Mlipaswa kutuletea tani 40 za mahindi kila mwezi. Novemba 2025 mlileta tani 30. Desemba 2025 mlileta tani 20, na lori moja kati ya hayo lilikuwa na unyevu wa asilimia 17 badala ya usiozidi 13.5. Januari 2026 mlileta tani 20. Upungufu wa miezi hiyo mitatu ni tani 50. Nakala za hati za mapokezi zimeambatishwa.*

*Huu ni ukiukaji mkubwa wa mkataba. Tunawataka muurekebishe ndani ya siku 14 tangu kupokea notisi hii kwa kufanya mambo haya mawili: kuleta tani 50 zilizopungua, zenye unyevu usiozidi asilimia 13.5; na kuleta kila lori la Februari linaloangukia ndani ya muda huo kwa tarehe yake katika jedwali la mkataba.*

*Yaliyopokelewa awali nje ya tarehe au kipimo hayakubadilisha mkataba. Kuanzia leo tarehe na vipimo vyote vitafuatwa kama vilivyoandikwa.*

*Msiporekebisha ndani ya muda huo, tutakuwa na haki ya kusitisha mkataba chini ya kifungu cha 12 kwa barua nyingine. Haki zetu zote, pamoja na fidia, zimehifadhiwa.*

Ona kwamba haina tusi, haina neno “matapeli”, haitaji polisi. Barua hii itasomwa na watu wawili: mkurugenzi wa Masindi leo, na pengine jaji baadaye. Mtu wa pili ndiye wa kumwandikia. Ona pia kwamba haisemi mkataba umesitishwa wala haisemi “utasitishwa wenyewe siku ya 15”. Ukiandika kwamba utakufa wenyewe unajifunga. Huenda siku ya 13 wakaleta tani 45 na wewe ukataka kuendelea nao.

Jina la kampuni liandike kama lilivyosajiliwa, si kama watu wanavyoiita sokoni. Lipo kwenye mkataba, na unaweza kulihakikisha kwa upekuzi katika Ofisi ya Usajili ya Uganda, wanayoiita URSB, ambako utaona pia anwani ya ofisi yao iliyosajiliwa. Aweke sahihi mtu yule yule mwenye mamlaka aliyesaini mkataba, au wakili wako kwa maelekezo yako ya maandishi.

Njia ya kuifikisha inatoka kwenye kifungu cha notisi, ambacho kwa kawaida kipo kurasa za mwisho na hakuna anayekisoma siku ya kusaini. Kisome sasa. Kama kinasema kwa mkono au kwa kampuni ya vifurushi kwenye anwani fulani, basi ni hivyo. Malalamiko yako ya WhatsApp si takataka: sheria yetu ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2011 inautambua ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi, nao utaonyesha kwamba walijua na walijibu nini. Yahifadhi kwenye simu yenyewe, chapisha kurasa zenye tarehe na namba zikionekana. Ila kulalamika si kutoa notisi ya kifungu cha 12, hasa pale mkataba umetaja njia nyingine.

Tuma mtu Masindi na nakala mbili. Moja anaiacha. Ya pili inarudi ikiwa na muhuri wa “imepokelewa”, jina la aliyepokea, cheo chake, sahihi, tarehe na saa. Usiikabidhi kwa kondakta wa basi, kwa sababu utakachobaki nacho ni risiti ya kifurushi, na aliyekichukua stendi anaweza kuwa yeyote. Wakikataa kupokea, mjumbe wako aiache mbele yao, apige picha ya mlango na kibao cha ofisi, kisha siku hiyo hiyo aape kiapo cha maandishi kueleza alimkuta nani, aliambiwa nini na aliiacha wapi. Nakala nyingine ipeleke kwenye ofisi iliyosajiliwa kama ni tofauti, na picha yake itume kwa barua pepe na WhatsApp kwa kuongezea. Siku zihesabu kuanzia ile njia iliyotajwa na mkataba.

Kuhesabu kunataka utulivu. Tuseme imepokelewa Jumanne tarehe 3 Februari 2026. Siku ya kupokea haihesabiwi. Siku ya kwanza ni Jumatano tarehe 4. Kama mkataba unasema siku 14 bila zaidi, Jumamosi na Jumapili zinaingia, na ya 14 ni Jumanne tarehe 17. Wana siku hiyo yote hadi mwisho wake. Barua yako ya pili haiwezi kutoka kabla ya Jumatano tarehe 18. Lakini kama mkataba unasema siku 14 za kazi, mambo yanabadilika. Mwisho wa wiki unatoka, na Jumatatu tarehe 16 nayo inatoka, kwa kuwa ni sikukuu ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Utaishia Jumanne tarehe 24. Tofauti ni wiki nzima, na aliyesitisha tarehe 18 kwa mkataba wa siku za kazi atakuwa amesitisha mapema. Ikiwa maneno yana utata, chagua hesabu ndefu. Kusubiri wiki moja ya ziada hakutakugharimu kama kusitisha kabla ya wakati.

Ndani ya siku hizo mkataba uko hai kwa wote wawili. Lori la Februari likifika na mahindi makavu, lipokee, lipime mbele ya dereva wao, mwandikishe sahihi kwenye hati ya mapokezi, na ulilipe ndani ya siku zake 7. Kulikataa ni kuwanyima nafasi uliyowapa kwa mkono wako. Kwa ajili ya kinu kisisimame unaweza kununua kwingine tani zilizokwisha kupungua, na hata unatakiwa upunguze hasara kadiri iwezekanavyo. Weka kila risiti. Usichoweza ni kusaini mkataba wa mwaka na mtu mwingine kwa kiasi kile kile. Karatasi hiyo ikionekana, watasema ulikwisha kuamua, na siku 14 zilikuwa za kuigiza.

Watakupigia simu. Hilo ni la kutazamia. Mkurugenzi atasema mvua, atasema barabara, atasema mpe hadi mwisho wa mwezi. Ukijibu “sawa, tutaona”, umeongeza muda bila kujua umeongeza hadi lini. Mjibu kwa heshima kwamba alete maombi yake kwa maandishi. Ukiamua kumwongezea, na kuna nyakati ni busara kufanya hivyo, andika tarehe mpya iliyo wazi na useme kwamba notisi ya kwanza inabaki na nguvu na haki zako hazijapungua.

Kisha siku ya 14 inaisha. Wakileta tani 50 na malori ya Februari, wamerekebisha, na mkataba unaendelea hata kama moyo wako ulikwisha kuondoka. Fidia ya hasara ya nyuma unaweza kudai. Kusitisha kwa kosa hilo huwezi. Wasipoleta kitu, njia ni nyeupe. Gumu ni la katikati. Wakileta tani 45 na tano zipo njiani, mimi nisingesitisha. Jaji anaweza kuona kwamba kilichobaki hakistahili tena kuitwa kikubwa. Wakileta tani 10 na barua ndefu, ningesitisha. Ukifika katikati ya hapo, usiamue peke yako; mpelekee wakili hati za mapokezi azione kabla ya kuandika.

Ukiamua kusitisha, fanya hivyo ndani ya siku chache. Ukikaa kimya wiki tatu huku ukipokea malori kama kawaida, utaonekana umechagua mkataba uendelee, na itabidi uanze upya na notisi nyingine. Barua ya pili ni fupi: inataja notisi ya kwanza na tarehe ilipopokelewa, inasema muda umekwisha na kipi hakikuletwa, inasema kwamba unasitisha mkataba chini ya kifungu cha 12 kuanzia tarehe fulani, na inaomba hesabu ya mwisho ifungwe. Ipelekwe kwa njia ile ile na muhuri ule ule. Usiongeze humo makosa mapya ambayo hukuyataja kwenye ya kwanza, kwa kuwa hayo hayakupewa siku 14.

Hesabu ya fidia ni jambo la risiti. Kama tani 50 ulizinunua sokoni kwa, tuseme, shilingi 1,350, tofauti ni 250 kwa kilo, jumla milioni 12.5. Ongeza yale maji ya Desemba na gharama za kukausha. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji, au ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo ingeweza kutokea. Haimpi ile ya mbali. Kwa mfano, kama kuna shule uliyokuwa ukiiuzia unga ikahamia kinu kingine, faida uliyotazamia kwake utaipata tu ikiwa waliijua na unaweza kuithibitisha.

Kabla ya kufikiria mahakama, soma kama mkataba una kifungu cha usuluhishi. Kikiwepo, mahakama itawarudisha huko. Kisipokuwepo, dai lisilozidi shilingi milioni 50 linasikilizwa kwa Hakimu Mkuu, na linalozidi hapo linakwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kitengo chake cha biashara Kampala. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka 6 tangu uvunjaji. Hakikisha pia mkataba wenyewe umelipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu usiolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe, na ni rahisi kulimaliza hilo sasa kuliko asubuhi ya kesi.

Haya yote ni kwa mkataba wa ugavi kama wako. Chumba cha kinu, kama umepanga, kina sheria yake ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022, na wafanyakazi wako wana sheria ya ajira. Usichukue barua hii ukaitumia huko.

Wiki hii, basi: lipa ya Januari, kusanya hati za mapokezi za Novemba hadi sasa, fungua kifungu cha notisi na uone kama neno “kazi” limeandikwa baada ya “siku 14”, ndipo umtume mjumbe Masindi.